Miezi 12 Iliyogeuka 8

Juni 2022, kampuni ya Kune iliyokuwa ikipika na kusambaza chakula jijini Nairobi ilifunga milango, mwaka mmoja hivi baada ya kupata mtaji wa dola milioni 1. Wateja ilikuwa nao. Lakini kwa bei ya takriban dola 3 kwa mlo, pesa ilitoka haraka kuliko ilivyoingia, na mtaji mwingine haukupatikana.

Ndiyo maana mwekezaji akiletewa bajeti ya kampuni changa hukimbilia swali moja: pesa iliyopo itafika mwezi gani?

Hesabu yenyewe mtoto wa shule anaiweza. Tuchukue kampuni ya kubuni ya Nairobi inayopeleka mizigo ya wenye maduka kwa pikipiki. Julai 1 ina shilingi milioni 18 benki. Kila mwezi hutumia milioni 2.4: mishahara 1.5, matangazo na mafuta 0.5, seva 0.25, kodi ya ofisi 0.15. Huingiza milioni 0.9. Pengo la milioni 1.5 ndiyo pesa inayoungua kila mwezi. Gawa 18 kwa 1.5, upate miezi 12. Mwenye kampuni anatabasamu.

Mwekezaji mzoefu hatabasamu bado. Anaomba taarifa ya benki. Ndani ya zile milioni 18, milioni 1.8 ni za wenye maduka: dereva alizipokea kwa wateja, na kampuni bado haijawakabidhi wenyewe. Milioni 1.2 nyingine ni kodi ya mishahara iliyokatwa kwa wafanyakazi, ikarundikana bila kupelekwa KRA, ingawa hutakiwa kufika kila tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Pesa ya watu haihesabiki kuwa mtaji. Zinabaki milioni 15, yaani miezi 10.

Kisha anageukia mapato, na hapa ndipo wengi hujidanganya bila kukusudia. Katika ile milioni 0.9, laki tatu zilitoka kwa mteja mmoja ambaye mkataba wake umeisha Juni. Akiondolewa, pengo linapanda hadi milioni 1.8 kwa mwezi, na milioni 15 hazivuki miezi 8 na siku chache.

Bado seva hazijaguswa. Bili yake huja kwa dola, na mwaka 2023 dola ilipanda Kenya kutoka shilingi 123 hivi hadi zaidi ya 156. Aliyeandika bajeti kwa shilingi tupu aliona mstari ule ukivimba bila kuongeza hata seva moja.

Kutafuta mtaji mpya mara nyingi hula miezi 6. Kwa hesabu ya kwanza, mwenye kampuni angeanza kubisha hodi Januari. Kwa hesabu ya pili pesa inakwisha mapema Machi, na hodi ya kwanza inapaswa kupigwa mwanzoni mwa Septemba.