Meli Imefika, Hati Ziko Wapi?

Tuchukue duka la jumla la vifaa vya ujenzi jijini Dar es Salaam. Limeagiza vitasa vya milango 12,000 kutoka kiwanda kilicho karibu na bandari ya Ningbo, China, kwa dola 5 kila kimoja. Jumla ni dola 60,000. Bei ni ya FOB, maana yake muuzaji anagharimia mzigo hadi upakiwe melini, na kuanzia hapo nauli, bima na hatari zote ni za mnunuzi. Ofisa manunuzi ameiingiza oda kwenye ERP, yaani mfumo wa kompyuta unaounganisha manunuzi, stoo na hesabu za kampuni. Mkurugenzi ameidhinisha. Kama mfumo wenyewe ni ERPNext, skrini sasa inasomeka `To Receive and Bill`, na itaendelea kusomeka hivyo mpaka vitasa viingie stoo, pengine miezi mitatu baadaye.

Ndani ya miezi hiyo oda itapita benki mbili, kampuni ya meli, wakala wa forodha na Mamlaka ya Mapato, TRA. Mkurugenzi atauliza kila wiki, "Mzigo uko wapi?" Kwa oda inayolipwa kwa hati ya muamana, ambayo benki na wafanyabiashara huiita LC, swali hilo ni la pili kwa umuhimu. La kwanza ni hati ziko wapi, kwa sababu meli hufika hata kama karatasi zimekwama, na kontena halitoki bandarini bila karatasi.

LC ni ahadi ya benki ya mnunuzi kwamba itamlipa muuzaji akiwasilisha hati zinazolingana na masharti yaliyoandikwa. Karibu LC zote duniani hufuata kanuni za Chumba cha Kimataifa cha Biashara zinazojulikana kama UCP 600, zilizoanza kutumika Julai 2007. Kanuni hizo hazizungushi maneno: benki inashughulika na hati, haishughuliki na bidhaa. Haitafungua boksi kuhesabu vitasa. Itasoma ankara, hati ya shehena na orodha ya vifungashio, kisha italinganisha maneno na tarehe.

Ndiyo maana oda iliyoandikwa kizembe kwenye ERP huleta hasara mbali sana na ofisi iliyoiandika. Maelezo ya bidhaa kwenye oda hunakiliwa kwenye fomu ya kuombea LC, yakaingia kwenye ujumbe wa MT700 ambao benki hutumiana, sehemu ya `45A`. Ankara ya muuzaji lazima ilingane na maelezo hayo. Ofisa akinakili jina la ndani la stoo, mathalani "KITASA SS AB-2 MPYA", kiwanda kitatoa ankara kwa jina lake cha Ningbo na benki itaandika hitilafu. Kwa hiyo ERP inahitaji sehemu mbili za jina: moja ya stoo na nyingine ya kibiashara, iliyochukuliwa neno kwa neno kutoka kwenye profoma ya muuzaji.

Idadi nayo ina mtego. Tuseme kiwanda kimepakia vitasa 11,940. Kwa ERP hilo ni jambo dogo: vipande 60 vinabaki kama deni la muuzaji, au oda inafungwa hivyo hivyo. Benki haina huruma hiyo. UCP 600 inaruhusu idadi izidi au ipungue kwa asilimia 5, lakini ruhusa hiyo haihusu bidhaa ambazo LC imezitaja kwa vipande au vifurushi. Inafaa kwa tani za ngano, si kwa vitasa. LC ikiwa imekataza pia kupakia kwa mafungu, vipande 60 vinatosha kuzuia malipo ya dola 60,000 mpaka mnunuzi aikubali hitilafu kwa maandishi, na muuzaji hukatwa ada juu yake. Dawa ni kuandika kwenye oda, na baadaye kwenye LC, kwamba asilimia 5 zaidi au pungufu inakubalika kwa idadi na kwa thamani.

Sasa tuje kwenye tarehe, maana hapa ndipo watu wengi huumia wakiwa hawajavunja kanuni hata moja. LC ya duka letu ilifunguliwa Machi 10. Siku ya mwisho ya kupakia, sehemu ya `44C`, ni Aprili 30. Muda wa kuwasilisha hati haukutajwa, kwa hiyo kanuni inampa muuzaji siku 21 tangu kupakia, mradi LC yenyewe haijaisha muda. Mzigo ulipakiwa Aprili 27 na meli ilitarajiwa Dar es Salaam Mei 25.

Kiwanda kilifunga kwa sikukuu ya Mei Mosi, ambayo China huchukua siku kadhaa, na hati zikawasilishwa benki ya huko Mei 12. Benki hiyo ina siku tano za kazi za kuzikagua, ikazitumia zote hadi Mei 19. Hati zikasafirishwa kwa kampuni ya vifurushi na kufika Dar es Salaam Mei 23. Benki ya mnunuzi nayo ina siku tano za kazi, hivyo ikamaliza Mei 30. Hakuna aliyechelewa. Hata hivyo kontena lilishuka Mei 25, na hati halisi ya shehena, ambayo bila hiyo wakala wa meli hatoi kibali cha kuchukua mzigo, ilikuwa bado mezani benki. Siku za bure za bandari na za kontena zilikuwa zinahesabika, na zikiisha demareji inaanza.

Kama LC ingesema hati ziwasilishwe ndani ya siku 10 tangu kupakia, muuzaji angelazimika kuzifikisha benki Mei 7. Kwa mwendo ule ule wa benki na kifurushi, hati zingekuwa mikononi mwa duka takriban Mei 26, siku moja baada ya meli. Tofauti hiyo yote inatoka kwenye namba moja iliyoandikwa miezi miwili kabla. Ndiyo sababu ninashauri ERP iwe na sehemu za tarehe hizi kwenye oda yenyewe: siku ya mwisho ya kupakia, siku ya mwisho ya kuwasilisha hati, siku LC inapoisha, siku meli inapotarajiwa na siku za bure zinapoisha. Mifumo mingi hairudishi sehemu hizo ikitoka dukani, lakini kuziongeza ni kazi ndogo kwa fundi. Mfumo ukiona hati zitafika baada ya meli, umwonye ofisa kabla LC haijafunguliwa, wakati kubadili ni bure. Ikishafunguliwa, kila badiliko linahitaji ridhaa ya muuzaji na ada ya benki.

Ipo njia ya dharura: benki inaweza kumpa wakala wa meli barua ya dhamana ili mzigo utolewe kabla ya hati halisi kufika. Inasaidia, ila ina bei. Ukishachukua mzigo kwa dhamana hiyo, huna tena nafasi ya kuzikataa hati hata zikija na hitilafu.

Kufuatilia mzigo wenyewe ni kazi rahisi kuliko watu wanavyodhani, mradi ufuatilie kitu sahihi. Usifuate jina la meli. Kontena la Ningbo mara nyingi hushushwa bandari ya kati, kama Singapore au Colombo, likapanda meli nyingine, na meli iliyotajwa mwanzo ikaendelea na safari zake ambazo hazikuhusu. Namba ya kontena, yenye herufi nne na tarakimu saba, ndiyo inayodumu. Iandikwe kwenye ERP pamoja na namba ya hati ya shehena, na tarehe ya kufika isahihishwe kila kampuni ya meli inapoibadilisha. Ikisogea kwa siku tano, tarehe ya siku za bure nayo isogee yenyewe.

Kugomboa mzigo si lazima kusubiri meli. Wakala wa forodha anaweza kuandaa tamko, TANSAD, kwenye mfumo wa TRA mapema kwa kutumia nakala za ankara na hati ya shehena. Anachohitaji kutoka kwako ni namba ya bidhaa kwenye orodha ya ushuru, na hiyo inapaswa kukaa kwenye kadi ya bidhaa ndani ya ERP, isibuniwe upya kila safari. Vitasa vilevile vikipewa namba mbili tofauti katika miezi miwili, utaulizwa ipi ilikuwa ya uongo. Cheti cha ubora kinachotakiwa na TBS kwa bidhaa nyingi hutolewa kabla ya kupakia, kwa hiyo kitaje kwenye LC, sehemu ya `46A`, kama moja ya hati za lazima. Muuzaji asipokileta, halipwi. Hakuna barua pepe ya kukumbushia inayofanya kazi vizuri kuliko hiyo.

Mwisho ni bei halisi ya kitasa. Bidhaa ni dola 60,000, nauli 3,600, bima 400, na thamani ya forodha ikawa dola 64,000. Tuseme bidhaa iko kwenye daraja la asilimia 25 la ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki, basi ushuru ni 16,000. Tozo ndogo za serikali, bandari, wakala, lori na ada za LC tuziweke 4,000. Jumla ni dola 84,000, ukigawa kwa 12,000 unapata dola 7 kwa kitasa. Kodi ya Ongezeko la Thamani, asilimia 18, ni kama dola 14,400 nyingine, lakini kama duka limesajiliwa hudaiwa kwenye ritani na haiingii kwenye gharama. Mhasibu akiiingiza kwa makosa, kitasa kinaonekana dola 8.20, na muuzaji wa mezani anapandisha bei mpaka wateja wanahamia duka la pili.

Kosa la upande wa pili ndilo la kawaida zaidi. Vitasa vinapokelewa stoo kwa dola 5, vinaanza kuuzwa kwa dola 6.50, na ankara ya wakala inakuja wiki tatu baadaye wakati 4,000 vimeshaondoka kwa hasara ya senti 50 kila kimoja. ERP nyingi zina hati ya kugawa gharama hizi, kwenye ERPNext inaitwa `Landed Cost Voucher`. Ijaze kwa makadirio siku ile ile mzigo unapoingia, kisha sahihisha ankara zikifika. Na kabla hujasaini fomu ya LC ijayo, iweke kando ya oda yako na uzisome mstari kwa mstari, ukianza na tarehe.