Printa Inapoikataa Katriji Mpya

Umenunua katriji mpya, umeipachika, umefunga kifuniko, na kompyuta inakuandikia "Cartridge Problem" au "Incompatible Cartridges". Wengi huamua papo hapo kwamba wameuziwa kitu kibovu. Lakini nyuma ya ujumbe huo huwa kuna moja kati ya mambo matatu: printa haiwezi kuisoma katriji, au imeisoma ikakuta si ya aina yake, au programu inayoendesha printa imezuiwa kuipokea. La kwanza unaweza kulimaliza mwenyewe mezani. Mawili yaliyobaki hayaondoki kwa kusafisha.

Tuchukue HP DeskJet 2130, printa ndogo ya wino inayotumia katriji mbili, ya rangi upande wa kushoto na nyeusi upande wa kulia. Kwenye katriji za namna hii, kichwa cha kuchapia kimo katika katriji yenyewe. Chini yake kuna matundu madogo mno ya kurushia wino, na mgongoni kuna vipande vya shaba vinavyogusana na vipande vingine ndani ya printa. Hapo ndipo printa husoma utambulisho wa katriji, na hapo ndipo hupitisha umeme wa kurushia wino. Alama ya kidole, tone la wino lililokauka au mabaki ya gundi hutosha kukata mawasiliano hayo.

Anza kwa kutafuta ni katriji ipi inayolalamikiwa. Printa hii inaweza kuchapa ikiwa na katriji moja tu, kwa hiyo toa ile nyeusi, ufunge kifuniko. Ujumbe ukitoweka, tatizo ni nyeusi. Ukibaki, irudishe nyeusi na utoe ya rangi. Ukishaijua, hakikisha kwanza kwamba utepe wa plastiki uliokuja nayo umebanduliwa wote.

Kisha safisha. Chukua kitambaa laini kisichoacha nyuzi, kilowanishe kidogo kwa maji ya chupa, ukikamue. Shika katriji ubavuni, ufute vipande vya shaba peke yake. Matundu ya wino usiyaguse, kwa kuwa wino ukisambaa kutoka hapo hadi kwenye shaba utaharibu kazi yote. Iache ikauke kwa dakika kama 10, lakini isikae nje zaidi ya nusu saa, maana wino huanza kukauka kwenye matundu. Vile vipande vya ndani ya printa vifute vivyo hivyo, waya wa umeme ukiwa umechomolewa. Mwisho sukuma katriji mpaka usikie inanasa.

Ikiwa bado inakataliwa, pachika ile ya zamani. Printa ikiitambua ya zamani na kuikataa mpya, printa ni nzima. Ikizikataa zote mbili mahali palepale, chunguza tena shaba za ndani ya printa.

Sasa tazama namba. DeskJet 2130 iliyouzwa Afrika na Mashariki ya Kati hutumia katriji 123. Iliyouzwa Ulaya Magharibi hutumia 302, na ya Amerika Kaskazini hutumia 63. Kwa umbo zinafanana sana, na zinaingia mahali pamoja bila shida. Kwa hiyo ndugu aliyeko London anaweza kukuletea 302 halisi, mpya, yenye jina la printa yako kwenye boksi, nayo ikakataliwa Mombasa. Haina kasoro yoyote, ila imetengenezewa eneo jingine. Tofauti ya 123 na 123XL haina madhara, kwani XL ina wino mwingi zaidi tu.

Zinabaki katriji mbadala. Za aina hii kwa kawaida ni katriji halisi zilizokwisha kutumika, zikasafishwa na kujazwa upya, zikiwa bado na utambulisho wao wa zamani. Ndiyo maana printa inaweza kutangaza kwamba wino umekwisha, au ikaandika "Used or Counterfeit Cartridge", na bado ikachapa vizuri ukikubali kuendelea. Onyo la namna hiyo si kukataliwa.

Kukataliwa kwenyewe hutoka kwenye programu ya printa. Mnamo Septemba 2016 baadhi ya printa za OfficeJet zilianza ghafla kuzikataa katriji zenye chipu zisizo za HP, ingawa awali zilikuwa zikizipokea. Kampuni iliomba radhi mwezi huohuo na kuahidi programu ya hiari ya kuondoa kizuizi, lakini mfumo wenyewe imeendelea kuutumia katika printa nyingi. Kwa hiyo katriji mbadala inayofanya kazi leo inaweza kukataliwa baada ya programu kusasishwa, na hakuna kitambaa kitakachoirudisha.

Kabla ya kulipa, nenda dukani na katriji ya zamani mkononi, ulinganishe namba yake na ya boksi. Kama unanunua mbadala, muulize muuzaji kama atakubadilishia endapo printa yako itaikataa, na akuandikie hivyo kwenye risiti.