Maradhi ya Tumbo: Sehemu ya Tatu, Kiporo cha Wali

Katika makala mbili zilizotangulia tulikwisha kueleza namna vijidudu viingiavyo jikoni. Na sasa, kwa kuwa matangazo ya hali ya hewa yanaitaja Bugarama, kama ilivyo ada, miongoni mwa mahali penye joto kali kabisa nchini Rwanda, na kwa kuwa bonde hilohilo ndilo lilimwalo mpunga wa wilaya yetu ya Rusizi, imenipasa kuisahihisha itikadi ambayo nimeisikia hata kwa watu wenye elimu yao, nayo ni kwamba kiporo chochote, madhali kimechemshwa barabara, hakina tena madhara.

Kwa mchuzi itikadi hiyo ina ukweli kiasi. Kijidudu kipendacho mchuzi wa nyama uliopoa polepole, ambacho wataalamu hukiita klostridia, aghalabu humdhuru mtu pale anapokimeza kingali hai na kwa wingi, kikatoa sumu yake ndani ya matumbo. Kwa hiyo mchuzi ukikorogwa hadi ukatokota wote, wala si pembeni tu, vijidudu hivyo hufa kabla ya kuliwa. Wali ni jambo jingine. Mchele hutoka shambani na mbegu ngumu za kijidudu kiitwacho Basilasi sereusi, ambazo kuchemka kwa maji hakuziui. Nazo, wali upoapo ukabaki vuguvugu, huamka, zikazaana, na baadhi yake zikamwaga chakulani sumu ya kutapisha ambayo hata mvuke wa digrii 121 za sentigredi, kwa muda wa saa moja na nusu, hauivunji. Basi apashaye wali wa namna hiyo huua vijidudu, ilhali sumu hubaki pale pale.

Ilimu hii ilipatikana kwa taabu, na katika historia yote ya maradhi ya chakula sijui mkasa ninaoustahi kuliko wa Steinar Hauge wa Norwei. Baada ya vita vya pili vya dunia watu wapatao 600 mjini Oslo waliugua kwa kula mchuzi mtamu wa vanila, uliopikwa jana yake katika vyombo vikubwa na kuachwa nje ya baridi. Hauge alipomtuhumu kijidudu huyu, ambaye wakati ule wengi walimdhania hana dhara, alimwotesha katika mchuzi wa namna ileile, akaunywa yeye mwenyewe, na baada ya saa 13 akashikwa na msokoto wa tumbo na kuhara. Habari hiyo aliichapisha mwaka 1955. Kisha, tangu mwaka 1971, ikaja zamu ya wali huko Uingereza: mikahawa ya Kichina ilichemsha wali mwingi, ikauacha nje usiku kucha, kwa sababu wali wa friji hugandamana, na kesho yake ikaukaanga upesi kwa mayai, wateja wakatapika baada ya saa chache. Mtu aliyejidhuru ili wengine wapone anastahili kukumbukwa na kila mpishi, na mpishi achanganyaye wali wa jana na wa leo ili asipate hasara anaihini amana ya mteja wake.

Tuje kwetu. Mama lishe wa Rusizi I, awapikiaye wavukao daraja kwenda Bukavu, akiivisha sufuria kubwa ya wali saa tano asubuhi na kuifunika, ule wa katikati hukaa na uvuguvugu hadi alasiri, na hilo ndilo joto walipendalo vijidudu. Jioni haunuki wala hauna utelezi, kwa hiyo pua haisaidii kitu. Akiukaanga asubuhi, mlaji huenda akatapika kabla ya saa sita kupita. Dawa yake ni mbili: ama wali ubaki juu ya makaa, moto usiopungua digrii 60, hadi uishe, ama upakuliwe mapema katika sinia pana, kina chake kisizidi vidole viwili, upoe upesi, kisha uingizwe katika friji kabla ya saa mbili kupita, nao uliwe kesho yake, kwa kupashwa mara moja tu hadi utoe mvuke kotekote. Mchuzi nao ugawanywe katika vibakuli vidogo. Asiye na friji asiweke kiporo cha wali: apike vibaba kwa hesabu ya walaji, na ukoko uliokaa nje tangu mchana, hata kwa kuku, asiupeleke.