Kuitunza Orodha Ikiwa Imepangwa Huku Vitu Vipya Vikiingia

Orodha iliyopangwa kutoka namba ndogo hadi kubwa hutafutwa kwa urahisi, lakini kuitunza hivyo kuna gharama pale namba mpya zinapoendelea kuingia. Kama namba zote zingefika kwanza ndipo orodha isomwe, kusingekuwa na la kujadili: zingerundikwa bila mpangilio, kisha zikapangwa mara moja mwishoni. Kompyuta ya kawaida hupanga namba milioni moja kwa muda usiofika sekunde moja. Ugumu huanza pale kuingiza na kusoma vinapopishana. Namba moja inaingia, mtu anauliza ya kati ni ipi, nyingine inaingia, mwingine anauliza ndogo kuliko zote ni ipi. Orodha haipewi nafasi ya kukaa ovyo hata kwa kitambo. Kwa kazi ya namna hii kuna njia mbili kuu, safu na mti uliosawazishwa, na nyingi kati ya njia nyingine zimetokana na hizo.

Safu ni visanduku vinavyofuatana ndani ya kumbukumbu ya kompyuta, kila kisanduku na namba yake, bila pengo katikati. Tuseme safu ina namba saba: 12, 25, 31, 40, 58, 63 na 77, na sasa imeingia 36. Kazi ya kwanza ni kujua mahali pake, na hapo hutumika utafutaji wa nusu kwa nusu. Programu huanza na namba ya katikati, 40. Kwa kuwa 36 ni ndogo, nusu yote ya kulia inaachwa. Katikati ya zilizobaki ni 25, na 36 ni kubwa kuliko hiyo. Imebaki 31, nayo pia ni ndogo kuliko 36. Basi mahali pake ni baada ya 31, na pamejulikana kwa kulinganisha mara tatu tu. Safu ikiwa na namba milioni moja, kulinganisha mara 20 kunatosha.

Kazi ya pili ndiyo nzito. Kisanduku kinachofuata baada ya 31 tayari kina mwenyewe, kwa hiyo 40, 58, 63 na 77 lazima zisogee nafasi moja kulia. Husogezwa kuanzia mwisho, 77 kwanza, kwani ikianza 40 itaifuta 58 kabla haijahama. Hapa zimehama nne. Namba zikiingia bila mpangilio wowote, kwa wastani kila inayoingia huhamisha nusu ya zilizomo. Safu inayokua kutoka sifuri hadi namba 1,000 hufanya uhamisho wapatao 250,000 kwa jumla, na kwa kompyuta hilo ni jambo dogo sana. Safu inayokua hadi namba milioni moja hufanya uhamisho bilioni 250. Wingi wa namba umeongezeka mara elfu moja, kazi imeongezeka mara milioni moja.

Kosa linalojitokeza mara nyingi hapa ni kuhesabu kazi ya kwanza na kuisahau ya pili. Lugha ya Python, kwa mfano, ina amri iliyo tayari:

```python
from bisect import insort

orodha = []
for namba in zinazoingia:
    insort(orodha, namba)
```

Amri hiyo hutafuta mahali kwa nusu kwa nusu, na mwandishi wa programu anayelijua hilo hujiaminisha kuwa kila uingizaji ni hatua 20 basi. Programu hujaribiwa kwa namba elfu chache, nayo huenda kasi ya kuridhisha. Miezi ikipita na orodha ikifika laki kadhaa, uzito hujitokeza, na lawama huanza kutupiwa mtandao au mashine. Kipimo cha kugundua kilichopo ni rahisi: wingi wa namba uongezwe mara mbili, kisha muda wote wa kuijenga orodha upimwe tena. Ukiongezeka mara nne, kinachokula muda ni kusogeza. Ukiongezeka mara mbili na ushei, chanzo kitafutwe kwingine.

Mti huikwepa kazi ya kusogeza kwa kutoziweka namba mahali pamoja. Kila namba hukaa katika nodi yake, popote penye nafasi ndani ya kumbukumbu, na nodi hiyo hubeba anwani mbili: ya mtoto wa kushoto, ambako namba zote ni ndogo kuliko yake, na ya mtoto wa kulia, ambako zote ni kubwa. Namba saba za mfano wetu zikijengwa vizuri, 40 huwa mzizi, watoto wake ni 25 na 63, na chini kabisa wako 12, 31, 58 na 77. Ikifika 36, safari huanza kwenye 40 na kwenda kushoto, hufika 25 na kwenda kulia, kisha hufika 31, ambayo haina mtoto wa kulia. Basi 36 huwa mtoto huyo. Hakuna namba iliyohama. Anwani moja tu ndiyo imeandikwa.

Anayefuatilia ataona kwamba safari imepita 40, 25 na 31, namba zilezile na kwa utaratibu uleule uliofuatwa na utafutaji wa nusu kwa nusu ndani ya safu. Hilo si jambo la bahati. Mti uliojengwa vizuri ni huo utafutaji wenyewe uliogeuzwa kuwa umbo. Katika kutafuta, kwa hiyo, njia hizi mbili zinalingana. Zinachoachana ni namna ya kumpatia mgeni nafasi.

Ila mti haujengeki vizuri wenyewe. Zikiingia 12, 25 na 31 kwa kufuatana, kila moja huwa mtoto wa kulia wa iliyoitangulia, na mti hugeuka kamba. Namba milioni moja zikiingia zikiwa tayari zimepangwa, kuifikia ya mwisho kutahitaji hatua milioni moja. Na data iliyokwisha kupangwa ni ya kawaida mno: tarehe, saa, namba za risiti, vyote hufika kwa mpangilio wa kupanda.

Dawa ilitolewa mwaka 1962 na wanahisabati wawili wa Umoja wa Kisovieti, Georgy Adelson-Velsky na Evgenii Landis. Mti wao, unaojulikana kwa herufi AVL kutokana na majina yao, hudai kwamba katika kila nodi, kimo cha upande wa kushoto na cha upande wa kulia visipishane kwa zaidi ya hatua moja. Ikiingia 31 chini ya 25, nodi ya 12 huwa na hatua mbili kulia na sifuri kushoto, na sharti limevunjwa. Hapo hufanyika mzunguko: 25 hupanda kuwa mzizi, 12 hushuka kuwa mtoto wake wa kushoto, na 31 hubaki kulia. Mpangilio wa namba haujaguswa, kwani 12 bado iko kushoto mwa 25 na 31 kulia mwake. Kilichobadilika ni kimo. Zikiendelea kuingia 40, 58, 63 na 77, mizunguko mitatu mingine huuleta mti kwenye umbo lilelile lililoelezwa juu, lenye 40 kwenye mzizi. Kwa sharti hilo, mti wa namba milioni moja hauwezi kuzidi hatua 28 kwenda chini, namba ziingie kwa mpangilio wowote ule. Baadaye ilikuja miti myekundu na myeusi, yenye sharti legevu kidogo na mizunguko michache zaidi. `TreeMap` ya Java ni wa aina hiyo.

Kwa hesabu tupu, basi, mti umeshinda. Mashine yenyewe ina mambo mengine. Namba za safu zimekaa pamoja, na prosesa haichukui namba moja moja kutoka kumbukumbu kuu. Kwa kawaida huchota baiti 64 kwa mkupuo na kuziweka kwenye kache, yaani kumbukumbu ndogo ya kasi iliyo karibu nayo. Namba ya baiti 8 huja pamoja na saba nyingine, na kusogeza maelfu ya namba zinazofuatana ni kazi ambayo prosesa huifanya kwa wepesi wa ajabu. Nodi za mti zimetawanyika. Kila hatua ya kushuka yaweza kuwa safari mpya hadi kumbukumbu kuu, ya takriban nanosekunde 100, huku prosesa ikisubiri. Tena nodi hubeba anwani zake, na kwa urahisi hufikia baiti 40 au zaidi kwa namba ambayo ndani ya safu ingechukua baiti 8.

Makadirio yataonyesha mpaka ulipo. Kumbukumbu inayosogeza baiti bilioni 10 kwa sekunde itamaliza uhamisho ule bilioni 250 kwa sekunde 200 hivi, zaidi ya dakika tatu. Mti wa namba milioni moja, kwa hatua 20 za nanosekunde 100 kila moja, utahitaji sekunde 2. Kwa namba 1,000 hali hugeuka: vyote viwili hukaa ndani ya kache, na safu mara nyingi hutangulia kwa sababu haiombi nodi mpya kila mara. Mahali hasa zinapopishana hutegemea mashine, lugha na ukubwa wa kila kitu kinachohifadhiwa, lakini ni kwenye maelfu, si kwenye mamia. Anayetunza orodha ya wanafunzi wa shule moja kwa kutumia mti anajisumbua bure.

Mpangilio wa kufika nao huamua mengi. Namba zikija kwa kupanda, safu huongeza mwishoni na haisogezi kitu, hata zikiwa milioni. Zikija kwa kushuka, kila mpya huingia mwanzoni na kuhamisha zote zilizomo, maradufu ya wastani. Mti uliosawazishwa haubadiliki sana katika hali zote mbili. Asiyejua data yake itafikaje ana sababu nzuri ya kuuchagua.

Programu za hifadhidata hazikuchagua upande mmoja. Rudolf Bayer na Edward McCreight, walipokuwa kampuni ya Boeing, walibuni mti wa B na kuuchapisha mwaka 1972. Nodi yake haina namba moja, bali ina safu fupi iliyopangwa. Mgeni akiingia, zinazosogea ni zile za nodi hiyo tu, na nodi ikijaa hukatwa vipande viwili na namba ya kati hupandishwa kwa mzazi. Kila mchoto wa kumbukumbu au wa diski huleta namba nyingi kwa pamoja, na mti hubaki mfupi sana. SQLite, hifadhidata iliyomo ndani ya simu za Android na za iPhone, huhifadhi majedwali yake kwa miti ya namna hii, na tangu mwaka 2016 ukurasa wake wa kawaida, ambao ndio nodi, ni baiti 4,096.