Rafiki, Mbuzi na Dakika Tatu za Mkuu wa Idara

Niliwahi kuhudhuria semina ya wanafunzi wa uzamivu ambayo mkuu wa idara alianza kwa kusema, "Sitaki kuwachosha." Alipokaa, dakika thelathini na tano zilikuwa zimekwenda. Binti aliyekuwa wa kwanza kwenye ratiba alikuwa ameandaa wasilisho la dakika ishirini, akaambiwa na mwenyekiti wa kikao ajitahidi kwa tisa. Aliruka sura nzima ya data, akamaliza huku anahema. Alipoulizwa swali la kwanza, jibu lake lilikuwa kwenye kurasa zilezile alizoziruka.

Chuo sikitaji, na kwa kweli kingeweza kuwa chuo chochote. Hotuba ya kukaribisha ni kitu kidogo ambacho watu wengi hawakiandai, kwa sababu mwenye kuisema ndiye mwenyeji, na mwenyeji hudhani maneno yatakuja yenyewe. Huja kweli, tena mengi.

Jambo la kwanza ni kujua umepewa kazi gani. Kwenye vyuo vyetu kukaribisha na kufungua ni mambo mawili. Kama Rasi wa Ndaki au Amidi yupo ukumbini kama mgeni rasmi, mkuu wa idara hukaribisha tu, na yule mgeni ndiye atamkaye kwamba semina imefunguliwa rasmi. Mkuu akijisahau akatamka maneno hayo, mgeni atasimama baadaye afungue mlango ulio wazi, na watu watacheka chini chini. Kama hakuna mgeni rasmi, kazi zote mbili ni zake, na hapo ndipo anapokuwa huru kufanya hotuba fupi.

Itifaki nayo haiepukiki, ila inaweza kumezwa kwa sentensi moja. Wenye vyeo hutajwa kwa makundi, wakubwa kwanza, kisha wanafunzi. Ukianza kutaja mmoja mmoja umejifunga: utamsahau mtu, na ndiye atakayekumbuka.

Mtego mkubwa zaidi ni historia ya idara. Mkuu aliye Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ana historia tamu kweli: kamati ya lugha ya mwaka 1930, chuo cha uchunguzi wa Kiswahili cha mwaka 1964, hadi kuundwa kwa TATAKI mwaka 2009. Yote ni kweli, na kila mwaka ukiutaja unadai maelezo yake. Lakini wanafunzi waliokaa mbele yako wameshayasoma, na wamekuja na mambo yao. Mtego wa pili ni kuzieleza mada za wawasilishaji kabla hawajaziwasilisha wenyewe. Nia huwa njema, lakini mkuu akikosea hoja ya mwanafunzi mbele ya ukumbi, ni nani atamsahihisha?

Basi usomi uingie wapi, kama historia imekatwa na mada zimeachwa kwa wenyewe? Ushauri wangu ni kuleta swali moja dogo kutoka kwenye fani, ambalo hata wewe mkuu hujalimaliza. Tuseme semina ni ya isimu ya Kiswahili, ina mawasilisho manane, na hakuna mgeni rasmi. Hotuba ninayoifikiria ingekuwa hivi:

"Maprofesa na walimu wenzangu, ndugu wanafunzi wa uzamili na uzamivu, karibuni sana. Najua wapo walioshuka kwenye basi alfajiri hii wakaja moja kwa moja hapa. Chai ipo pale nyuma. Msione haya kuinuka.

"Naomba niwape sentensi mbili. *Rafiki yangu amefika. Mbuzi wangu amefika.* Wote wawili wana uhai, na kitenzi kimewapa *a-* bila ubaguzi. Lakini kwenye *yangu* na *wangu* wameachana, na aliyewekwa kando ya viumbe hai ni rafiki, si mbuzi. Tangu Wilhelm Bleek alipozipanga ngeli za lugha za Kibantu kwa nambari, tumekuwa tukibishana tuzitambue kwa maumbo ya nomino au kwa upatanisho. Sentensi hizi zinasumbua pande zote mbili. Neno *rafiki* halina kiambishi cha kulitambulisha, na upatanisho wake unatoa majibu mawili ndani ya sentensi moja. Nimefundisha ngeli miaka mingi, na hapa bado nakwama.

"Leo tutasikia mawasilisho manane. Mtakapouliza, ulizeni kuhusu data: nani alisema, wapi, na katika mazungumzo gani. Maswali mawili ya mwanzo baada ya kila wasilisho ni ya wanafunzi; sisi walimu tutasubiri. Semina nimeifungua. Mwenyekiti, kikao ni chako."

Isome kwa sauti, kwa kutulia. Haifiki dakika tatu.

Tazama ukarimu wake umekaa wapi. Haumo kwenye "nina furaha isiyo kifani", maneno ambayo kila mtu ameshayasikia harusini na kwenye mahafali. Umo kwenye basi la alfajiri na ruhusa ya kuinuka kufuata chai. Umo zaidi kwenye kanuni ya maswali mawili. Anayejua semina za uzamivu anajua kinachomtisha mwanafunzi: profesa kunyoosha mkono wa kwanza, akauliza swali lenye vipengele vitano, na baada ya hapo hakuna mwanafunzi mwingine anayethubutu kufungua mdomo. Mkuu akiifunga njia hiyo mapema, mbele ya maprofesa wenyewe, amewafanyia wanafunzi jambo ambalo maneno matamu hayawezi. Ila kanuni hiyo inataka aipitishe na wenzake kabla. Akiitoa ghafla ukumbini, profesa mmoja ataivunja kwenye wasilisho la kwanza, na mwenyekiti hatakuwa na ubavu wa kumzuia.

Sentensi ya "hapa bado nakwama" nayo ina kazi yake. Mwanafunzi wa utafiti hushinda mwaka mzima akidhani kwamba kukwama ni dalili ya upungufu wake. Mkuu amesema wazi kwamba naye amekwama, tena mahali mahususi panapoonekana. Angesema kwa jumla kwamba utafiti una changamoto zake, asingekuwa amekiri chochote.

Swali lenyewe lazima lichaguliwe kwa uangalifu. Likiwa la mada ya mmoja wa wawasilishaji, wengine saba watajiona wageni. Likihitaji nadharia kulielewa, nusu ya ukumbi itakuwa kwenye simu. La rafiki na mbuzi linafaa kwa sababu kila aliyekaa pale ameshasema sentensi zote mbili maishani mwake bila kujiuliza. Kwa idara ya historia au ya kilimo, mkuu atafute lake. Kwa kawaida limo kwenye yale ambayo wanafunzi wa mwaka wa kwanza humuuliza na yeye hujibu kwa kuzungukazunguka.

Akishakaa, asiondoke. Kutoka ukumbini kwa sababu ya "majukumu mengine" dakika tano baada ya kukaribisha watu kunaifuta hotuba yote. Abaki angalau hadi mapumziko. Huko ndiko atajua kama ilifika, mwanafunzi mmoja atakapomfuata kwenye foleni ya chai, kikombe mkononi, amwambie kwamba bibi yake husema *mbuzi yangu*, na kwamba anaweza kumrekodi akienda likizo.