Draya Inayojizima na Kujiwasha Yenyewe

Draya ya mkono ikizima katikati ya kazi, ikakaa kimya dakika chache, kisha ikaanza kunguruma tena bila kuguswa, wengi husema ina shoti. Lakini shoti haina tabia hiyo. Shoti huunguza fyuzi au huangusha swichi kuu, na umeme haurudi mpaka mtu aurudishe. Kifaa kinachozima na kuwaka chenyewe kimekatwa na kitu kilichowekwa humo makusudi ili kikikate.

Kitu hicho mafundi hukiita thamostati. Ni kipande chembamba cha metali mbili zilizobanwa pamoja, kimefungwa karibu na waya wa joto. Metali hizo hazitanuki sawa zikipata moto, kwa hiyo joto likipita kiwango kipande hujipinda na kuachanisha njia ya umeme. Kikipoa hunyooka, na njia hufunga tena. Zipo draya ambazo thamostati hukata waya wa joto tu, feni ikaendelea kupuliza hewa baridi. Nyingine hukata vyote. Nyingi huwa pia na fyuzi ya joto, ambayo ni kinga ya pili: hiyo ikishaungua draya haiwaki tena mpaka ibadilishwe.

Swali basi ni kwa nini joto limepita kiwango. Draya ya wati 1,600 kwenye umeme wa volti 230 huvuta takriban ampea 7, na karibu umeme wote huo hugeuka joto ndani ya bomba linaloenea kiganjani. Kinachozuia bomba hilo lisiungue ni upepo peke yake. Upepo ukipungua, waya hutoa joto lilelile huku hewa ya kulibeba ikiwa haba.

Fikiria draya ya saluni inayofanya kazi tangu asubuhi. Mwaka jana ilikuwa ikikausha vichwa viwili mfululizo. Sasa inakata baada ya dakika tano, na kadiri siku inavyosonga inakata upesi zaidi. Kipimo cha kwanza ni kuiweka kwenye hewa baridi na kuiacha iendelee. Isipokata hata baada ya robo saa, tatizo ni la joto. Ikikata hata kwenye baridi, hasa waya unapochezwa pale unapoingilia kwenye mpini, thamostati haihusiki: waya umekatika kwa ndani, na hapo ndipo cheche huanzia.

Kipimo cha pili ni cha mdomo wa nyuma, ule unaovuta hewa. Draya ikiwa kwenye baridi, kipande cha tishu kikisogezwa hapo kinapaswa kunaswa na kung'ang'ania. Kikining'inia tu, wavu umeziba. Uchafu wa saluni huwa ni nywele fupi na nyuzi za taulo, na dawa za kupuliza huzigandisha hadi ziwe utando wa kijivu. Draya huchomolewa, ikaachwa ipoe kabisa, kisha wavu huzungushwa na kutolewa, na kusuguliwa kwa mswaki mkavu. Wavu wenyewe ukitolewa unaweza kuoshwa, mradi ukauke kabla ya kurudishwa; mwili wa draya haupaswi kuguswa na maji. Nywele zikiwa zimejisokota kwenye mhimili wa feni, hiyo ni kazi ya fundi.

Usafi ukishafanyika, tishu inanaswa vizuri, lakini draya bado inakata, macho yahamie mdomo wa mbele. Ndani kuna waya wa nikromu uliosokotwa kama springi na kuzungushwa kwenye vibao vya mika. Kila matumizi huutanua na kuusinyaza, mpaka baadhi ya mizunguko hulegea na kugusana. Umeme hupita mkato pale ilipogusana, urefu wa waya unaofanya kazi hupungua, na sehemu iliyobaki hupata umeme mwingi kuliko ilivyopangiwa. Dalili yake ni sehemu moja kung'aa nyekundu kali kuliko nyingine, au harufu ya kuungua isiyoisha hata baada ya kusafisha. Waya wa namna hiyo haunyooshwi kwa koleo. Hubadilishwa seti nzima, na kwa draya ya bei ndogo mara nyingi gharama hiyo hukaribia bei ya mpya.

Wapo wanaoamua kuiruka thamostati kwa kipande cha waya. Draya haikati tena, ila sasa plastiki ndiyo itakayoanza kuyeyuka kama fyuzi ya joto haitawahi. Hatari nyingine haihitaji fundi: draya imejizima, mtu anaitupa kitandani bila kuzima swichi wala kuchomoa plagi, anatoka nje. Thamostati ikipoa, draya inawaka juu ya godoro, mdomo wa nyuma ukiwa umezibwa na shuka.