Mfupa Usioweza Kusema Ualbino

Tuseme mfupa wa paja umefukuliwa korongoni huko Kizota, jijini Dodoma. Nguo hakuna, kitambulisho hakuna. Vinasaba vyake vinaweza kupimwa, lakini hajatokea ndugu wa kulinganishwa naye. Mpelelezi anahitaji pa kuanzia: marehemu alikuwa mtu wa rangi gani?

Njia inayojulikana sana ya kujibu swali hilo ni HIrisPlex-S, iliyotangazwa mwaka 2018 na kundi la watafiti wakiwemo Susan Walsh na Manfred Kayser. Mtaalamu husafisha mfupa, huusaga kuwa unga, huyeyusha madini yake na kutoa vinasaba. Kisha hunakili vipande vidogo mara nyingi na kusoma herufi zilizopo katika alama 41 zinazohusiana na rangi ya macho, nywele na ngozi. Mashine haioni rangi yoyote ya mtu. Inasoma herufi A, C, G na T tu, halafu fomula ya takwimu inakadiria uwezekano wa kila rangi.

Alama yenye nguvu kuliko zote kwa macho inaitwa rs12913832. Imo ndani ya jeni ya HERC2, lakini kazi yake ni kuongeza au kupunguza utendaji wa jeni jirani, OCA2, inayohitajika ili melanini itengenezwe kwenye sehemu ya jicho yenye rangi. Aliyerithi G kwa baba na G kwa mama huwa na melanini kidogo machoni, na mara nyingi macho yake ni ya bluu. Aliyerithi A kwa wote wawili karibu kila mara ana macho ya kahawia. Kwenye kipimo ambacho 0.5 ni sawa na kubahatisha na 1 ni kutokosea kabisa, macho ya kahawia yalipata 0.95 na ya bluu 0.94. Rangi za katikati, kama kijani, zilipata 0.74 tu.

Ngozi hugawanywa katika makundi matano, na kundi la weusi zaidi lilipata 0.97. Hapa inabidi msomaji awe makini. Namba hiyo inaeleza jinsi mfumo unavyomtenga mtu mweusi sana na watu wengine wa dunia. Haielezi jinsi unavyomtenga mtu mweusi tii na jirani yake wa maji ya kunde. Chukua Mgogo, Mrangi na Msandawe wanaoishi mtaa mmoja Kizota: kwa sehemu kubwa majibu yao yatakuwa ngozi nyeusi, nywele nyeusi, macho ya kahawia. Jibu ni sahihi, ila halimpunguzii mpelelezi orodha ya watu waliopotea.

Chanzo cha tatizo ni kwamba jeni za rangi zilichunguzwa kwa muda mrefu zaidi kwa watu wenye asili ya Ulaya. Mwaka 2017 kundi la Sarah Tishkoff lilichapisha utafiti uliopima rangi ya ngozi ya Waafrika zaidi ya 2,000 kutoka Ethiopia, Tanzania na Botswana. Walipima upande wa ndani wa mkono, mahali pasipochomwa sana na jua. Walikuta jeni kama MFSD12, ambayo mchango wake katika rangi ya ngozi ya binadamu haukuwa umejulikana. Hata hivyo, alama zao bora zilieleza takriban asilimia 29 tu ya tofauti za rangi kati ya watu hao.

Lakini kasoro inayonisumbua zaidi ni nyingine. Tanzania, mtu 1 kati ya takriban 1,400 anakadiriwa kuwa na ualbino. Wengi wao wamerithi, kwa baba na kwa mama, jeni ya OCA2 iliyokatika kipande cha herufi zipatazo 2,700. Jeni hiyo haiwezi tena kufanya kazi yake, hivyo ngozi inakuwa nyeupe na nywele za manjano. Mkato huo haumo katika alama 41 za HIrisPlex-S. Herufi nyingine zote zinaweza kuwa sawa na za ndugu zake weusi, na mfumo utaandika kwa uhakika mkubwa: ngozi nyeusi, nywele nyeusi.

Kama mfupa wa Kizota ni wa mtu mwenye ualbino aliyeripotiwa kupotea, ripoti hiyo itamwondoa kwenye orodha mtu yuleyule anayetafutwa. Katika nchi ambayo watu wenye ualbino wameuawa na viungo vyao kuchukuliwa, hilo ni kosa zito. Tena uwezekano wa 0.9 na zaidi unaoandikwa kwenye karatasi hautoi dalili yoyote kwamba kuna jambo limekosekana.

Dawa yake si ngumu. Kipimo cha kunakili eneo hilo la OCA2 kwa PCR huonyesha kama kipande kipo au kimekatika, kwa kuwa nakala zenye mkato hutofautiana kwa urefu na zile zisizo nao. Maabara yoyote itakayotabiri rangi ya mtu katika Afrika Mashariki ifanye kipimo hicho kwanza, na kama haikukifanya, iandike wazi kwenye ripoti kwamba ualbino haukupimwa.